Kuitelekeza Akaunti ya Benki Si Kuifunga



Ndugu zangu katika imani, hapa Rubavu nimesikia mara nyingi neno hili, tena kutoka kwa watu wanaosali safu ya mbele: "Ile akaunti ilikuwa na riba, nikaiacha tu. Kama imebaki na deni dogo, hiyo ni shauri yao."

Hapana, si shauri yao. Akaunti iliyoingia chini ya sifuri maana yake benki imekulipia kitu na wewe hujairudisha. Mtume (s.a.w.) alipoletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, alikataa kumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba lile deni. Deni lilikuwa dogo, wala hakusema liachwe kwa udogo wake.

Ajabu zaidi ni hoja yenyewe ya riba. Benki ya kawaida huhesabu riba kila siku juu ya salio lililo chini ya sifuri. Basi anayeondoka bila kulipa kwa kuikimbia riba, ameiacha nyuma yake ikizaa kwa jina lake!

Wapo pia wanaojitahidi kulipa lakini wanaanzia mwisho. Jirani yangu mmoja alikuwa na deni la faranga 3,400. Akaunti ilikuwa na maagizo mawili ya kudumu, yaani amri aliyoiandikia benki mwenyewe impelekee fedha kila mwezi: faranga 10,000 za kikimina tarehe 28, na faranga 5,000 za mchango wa madrasa tarehe 5. Tarehe 26 akalipa 3,400 zake, salio likawa sifuri, akarudi nyumbani akisema Alhamdulillah, nimemaliza.

Hakuwa amemaliza. Tarehe 28 agizo la kikimina liliamka, halikukuta kitu, na benki ikamtoza 2,000 kwa malipo yaliyoshindikana. Mwisho wa mwezi ikakatwa ada ya akaunti, 500, na riba ya zile siku za deni, 60. Tarehe 5 agizo la madrasa nalo likashindikana, 2,000 nyingine. Jumla ni 4,560. Amelipa deni lote, na baada ya siku kumi anadaiwa zaidi ya mwanzo! Nasi madrasa tulikuwa tunajiuliza kwa nini mchango wake umekatika bila salamu.

Kosa lake halikuwa ubakhili. Alilipa deni kabla ya kuzima kinacholizalisha. Utaratibu ni huu.

Kwanza, nenda ufute maagizo kwa barua, ukitaja kila moja: kiasi, tarehe na anayepokea. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya tarehe ya kulipa, na ubaki na nakala yenye muhuri. Kama agizo linalipa mkopo, usiliguse mpaka ukubaliane na aliyekukopesha. Kisha wajulishe wanaopokea, na uwape njia nyingine ya kulipwa.

Pili, usilipe kiasi unachokiona kwenye simu au kwenye karatasi ya mwezi uliopita. Riba ya mwezi huu imeshahesabiwa ila bado haijaandikwa hapo. Uliza hivi: "Nikifunga leo, nadaiwa kiasi gani, pamoja na ada na riba ambazo bado hazijakatwa?" Sehemu ya riba waombe kwa maandishi waifute, mara nyingine hukubali kwa kiasi kidogo.

Tatu, lipa na ufunge siku hiyo hiyo. Rudisha kadi, na usitoke bila barua inayosema akaunti imefungwa na hudaiwi. Kuambiwa kwa mdomo "tumeshafunga" hakutoshi. Allah ametuamrisha katika Suratul Baqarah tuandike madeni, basi na kumalizika kwake kuandikwe.

Na asijidanganye mtu kwamba benki ikibadilika jina deni limekufa. BPR na KCB ya Rwanda ziliungana mwaka 2022, na Cogebanque ikaingia ndani ya Equity mwanzoni mwa 2024. Benki inayopokea wateja hupokea na madeni yao. Siku utakapoomba mkopo wa nyumba au wa biashara, kumbukumbu za mikopo zinaweza kukuonyesha kuwa mdaiwa sugu kwa sababu ya elfu chache ulizozidharau.

Kama unataka kuhama riba, hama, nami nakuunga mkono. Lakini toka kwa mlango, hesabu ikiwa safi na barua mkononi. Kuchelewesha deni na uwezo unao ni dhulma, na dhulma haiwi halali kwa sababu anayedhulumiwa ni benki.

Wabillahi tawfiiq.