Glibenklamaidi haiwafai wazee

Kidonge cha glibenklamaidi hulisukuma kongosho kutoa insulini hata pale sukari ya damu ikishashuka. Hakijui kama aliyekimeza amekula. Ini hukivunja, lakini baadhi ya mabaki yake bado yanashusha sukari na hutolewa na figo. Na figo za mzee huwa zimepungua nguvu. Tuseme mzee wa miaka 72 amemeza miligramu 5 asubuhi kwa kikombe cha uji, mchana hakula. Usiku anatoka jasho, anaropoka, na nyumbani wanadhani ni malaria au uzee. Kipimo cha sukari kinasoma 2.4 mmol/L, ilhali chini ya 4 tayari ni hatari. Akipewa maji ya sukari anazinduka, kisha saa chache baadaye anazama tena, kwa sababu dawa bado imo mwilini. Ndiyo maana asiachwe nyumbani. Awe hospitalini akipimwa kwa siku nzima au zaidi.

Wapo wanaosema ni dawa ya bei nafuu na inashusha sukari vizuri. Ni kweli, ila metformini nayo ni nafuu, na ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, mradi figo ziwe zimepimwa. Anayehitaji dawa ya kundi lile lile la glibenklamaidi apewe gliklazaidi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, likieleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa waliozidi miaka 60. Mgonjwa asiache dawa ghafla; aende kliniki na vidonge vyake mkononi, hasa kabla ya kufunga Ramadhani.