Geji Mbili na Reli Iliyokwama Suswa

Katika stesheni ya Mnyusi, wilayani Korogwe, jirani na Hale, reli inayotoka Ruvu inaungana na reli ya Tanga. Muungano huo wa mwaka 1963 uliwezekana kwa sababu njia zote mbili zilizojengwa na Wajerumani, ya Tanga iliyoanza 1893 na ile ya Kati, zina upana wa milimita 1,000. Waingereza walipoanza reli yao Mombasa mwaka 1896 walichagua geji hiyo hiyo, waliyokuwa wameizoea India. Uzuri wa geji ya mita ni kwamba na jirani anayo.

TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilijengwa kwa milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia na za kusini. Kwa hiyo inapokutana na reli ya mita huko Kidatu, behewa haliwezi kuvuka na mzigo lazima uhamishwe. Milimita 67 zinatosha kuhitaji kreni, wafanyakazi na siku za kusubiri.

Sasa geji inayotafutwa ni ya milimita 1,435, yaani reli ya kisasa, SGR. Inabeba mizigo mizito na kwa mwendo wa kasi zaidi, hivyo ubora wake si wa kubishaniwa sana. Penye tatizo ni hapa: nchi mbili jirani zinaweza kutulia zote kwenye geji ya zamani, au zote kwenye mpya, na katika kila hali hakuna anayenufaika kwa kuhama peke yake. Wachumi huiita hali hii mchezo wa uratibu wenye misawazo miwili, mmoja bora na mwingine hafifu.

Tarakimu za mfano zinaonyesha mtego ulivyo. Tuseme wote wakihama kila mmoja anapata 5, na wote wakibaki kila mmoja anapata 3. Anayehama peke yake anapata 0, maana amejenga njia ya gharama isiyo na mwendelezo; aliyebaki nyuma yake anapata 2. Anayefikiria kuhama atafanya hivyo tu ikiwa anaamini, kwa zaidi ya nusu, kwamba mwenzake naye atahama. Imani ikishuka chini ya hapo, kubaki ndiyo hesabu sahihi, hata kama wote wawili wanajua vizuri kwamba 5 ni kubwa kuliko 3.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kenya na Uganda, na uamuzi wa kuiacha SGR ya Kenya iishie Suswa, karibu na Naivasha, ni kosa lisilopaswa kurudiwa. Wakuu wa ukanda wa kaskazini walikubaliana kujenga kutoka Mombasa hadi Kampala na Kigali. Kenya ilifungua kipande cha Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na kufika Suswa mwaka 2019, kisha mkopo wa China wa kuendelea haukupatikana. Uganda ilikuwa na mkataba wa mkandarasi tangu 2015, lakini mkopeshaji hakutaka kulipia reli ya kutoka Kampala hadi mpaka wa Malaba iwapo ng'ambo ya mpaka hakuna reli ya kuipokea. Kila upande ulimsubiri mwenzake. Rwanda ilichoka mapema, na mwaka 2018 ikakubaliana na Tanzania kuhusu njia ya Isaka hadi Kigali.

Watetezi wanasema deni la Kenya lilikuwa kubwa na kusimama kulikuwa busara. Deni ni la kweli. Lakini reli iliyokatizwa njiani inadaiwa vilevile, huku ikikosa mzigo wa Uganda uliotarajiwa kulilipa. Kenya ililazimika kujenga kipande kipya cha geji ya mita hadi Longonot ili mizigo ihamishiwe kwenye njia ya kale. Huko ni kurudi kwenye msawazo hafifu kwa gharama ya ule bora, na kukuita busara ni kuwapotosha walipakodi.

Wala si kweli kwamba kilichokosekana ni nia njema. Marais walitia saini, wakapiga picha, wakahutubia. Kilichokosekana ni hakikisho. Kila kipande kilitafutiwa mkopo wake, kwa wakati wake, na mkopeshaji hakufungwa na ahadi za marais. Makubaliano ya namna hiyo hayaongezi imani hata kidogo, kwa sababu yeyote anaweza kujitoa bila kupoteza kitu. Uganda ilivunja mkataba wa kwanza mwaka 2023 na kusaini mwingine na Yapı Merkezi Oktoba 2024, wakati reli ya Kenya bado ikiishia Suswa.

Mpango wa SGR ya Tanga hadi Arusha na Musoma upimwe kwa kipimo hicho hicho. Bunge lisiidhinishe kipande cha kwanza kabla fedha za vipande vyote hazijasainiwa pamoja, na fidia ya atakayechelewa haijaandikwa.