Tujaribu kitambaa kwanza, mkasi baadaye

Watu wa hapa Mutoshi na ninyi familia mliohamishwa mkaja kuishi nasi, leo naomba tusemezane juu ya kitambaa cha arusi.

Mwezi wa 10, mbele mvua hazijashika vizuri, jua la Kolwezi linachoma. Katika mwezi huo niliketi kanisani karibu na bibi arusi mmoja. Nguo yake ilikuwa ya satini nzito yenye kung'aa. Kabla ya mahubiri kwisha, jasho lilikuwa limechora alama mgongoni na chini ya makwapa. Ubavuni, mshono ulikuwa umejikunja. Nje, watu wote walimsema fundi. Mimi nasema kosa lilianza sokoni, siku familia ilipochagua kwa macho tu.

Satini nyingi tunazouziwa ni za poliesta, na poliesta hainywi jasho. Jasho linabaki kwenye ngozi, kisha linaonekana kwa nje, kwa sababu kitambaa kinachong'aa hakifichi unyevu. Tena satini inateleza chini ya sindano, na mahali sindano imepita tundu linabaki. Fundi akikosea mstari, hawezi kufumua bila kuacha alama. Kwa familia iliyoweka pesa kidogo kidogo, kosa moja la namna hiyo linamaliza akiba yote.

Basi mbele ya kulipa, fanyeni mambo matatu. La kwanza, shikeni kitambaa kwa ncha moja, mkiache kining'inie. Kikianguka kwa mikunjo laini, kinafaa sketi inayotiririka. Kikisimama kama karatasi, kinafaa sketi pana yenye umbo, lakini si nguo ya kufuata mwili. La pili, kiwekeni mdomoni mpulize. Mkisikia pumzi upande wa pili, hewa itapita. Kisha dondosheni tone la maji: likikaa juu kama shanga, jasho pia halitanyonywa. La tatu, muombeni muuzaji kibande kidogo, mpelekee fundi akishone kwa sindano mpya nyembamba, namba 70, kisha akifumue. Matundu yakibaki, mjue nguo hiyo haina nafasi ya pili.

Jirani yangu alifanya hivyo kwa arusi ya binti yake. Satini ilishindwa jaribio la pili na la tatu. Fundi akamwambia: « Mama, tuchukue krepe. » Krepe haing'ai, uso wake una chembechembe ndogo, inaanguka vizuri, na haitelezi sana mezani. Lakini nyingi nazo ni za poliesta, kwa hiyo joto halikuisha hapo. Dawa ilikuwa kitambaa cha ndani. Walinunua mita 4 za krepe ya upana wa sentimita 150, na mita 1 na nusu ya pamba nyepesi kwa ndani ya kifua na mgongo. Pamba waliifua kwanza ili isirudi baada ya kushonwa. Kwa sketi hawakutia pamba, maana pamba inashikana na krepe mtu akitembea. Hapo walitia kitambaa chepesi cha kuteleza.

Fundi alianza kukata shuka la zamani, akalishona, binti akalijaribu. Marekebisho yote yalifanyika juu ya shuka. Kisha, krepe ilipokatwa na sketi kuunganishwa, aliitundika usiku mzima mbele ya kupinda upindo, kwa sababu sketi pana inajivuta kwa uzito wake, upande mmoja kuliko mwingine.

Kwa kostimu ya bwana arusi, shida ni ile ile. Terigali nzito nyeusi ni rahisi kushona na haikunjiki, lakini inafunga joto, na pasi ya makaa ikizidi moto inaiachia mng'ao usiotoka. Mimi nachagua sufu nyepesi iliyochanganywa na poliesta. Ifinyeni ngumini, muiachie: mikunjo ikipotea haraka, ndiyo hiyo. Mwambieni fundi atie kitambaa cha ndani kwenye mikono na mabegani tu, siyo mgongo wote. Mikono lazima iteleze juu ya shati, lakini mgongo unataka hewa.

Kuna watakaosema arusi bila kung'aa si arusi. Nawaelewa. Basi satini iwe mshipi wa kiunoni au ukingo wa mikono, mahali pasipotoka jasho sana. Na siku ya kununua, nendeni sokoni pamoja na fundi. Mkimpelekea kitambaa kilichokwisha kulipwa, hana tena la kuwashauri, na lawama mtamtupia yeye.