Kabla ununue ploti ya biashara, hesabu saruji utakayomwaga

Ukifungua TikTok siku hizi hukosi kijana mwenzako amesimama kwenye uwanja wenye vigingi, akikuambia deposi ni kidogo tu na zilizobaki ni ploti tatu. Ujumbe ni ule ule: kodi ni pesa ya kutupa, nunua chako. Kwa mtu anayetafuta pa kujenga nyumba, sawa, hayo ni mazungumzo yake. Lakini kwa anayetaka mahali pa kuanzishia biashara ndogo, maneno hayo yanaruka hesabu moja muhimu sana.

Tuchukue biashara ambayo wengi wetu tunaijua: kuosha magari. Tuseme kijana yuko Kitengela, ana Sh350,000 keshi na akiba nyingine ya Sh300,000 kwenye Sacco. Bei nitakazotumia ni za mfano, weka za mtaa wako.

Kuanza kunamla ile Sh350,000 yote. Tangi la maji, pampu, mashine ya kufyonza vumbi na kontena la kukalisha wateja vinachukua Sh210,000. Sakafu ya saruji, mtaro, shimo la maji machafu, bomba la maji na kuvuta stima vinachukua Sh140,000. Shikilia huo mgawanyo, kwa sababu ndio kiini cha mambo yote. Vile vya kwanza unaweza kuvipakia kwenye lori kesho asubuhi ukahama. Vya pili ukiondoka unaviacha, na kisheria kilichojengwa kikashikamana na ardhi huwa cha mwenye ardhi, msipokubaliana vingine.

Sasa chaguo la kununua. Ploti ya Sh900,000, akope yote kutoka Sacco, kwani nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye deni linalopungua, kwa miezi 48, atalipa takriban Sh23,700 kila mwezi. Ile akiba yake haguzi, inabaki dhamana. Ushuru wa stempu kwenye eneo la manispaa ni asilimia nne, yaani Sh36,000, na wakili naye lazima ale. Pesa hizo zinatoka kwa keshi ya kuanzishia biashara, kwa hivyo tayari amepungukiwa kabla ya kuosha hata pikipiki moja.

Kukodi ploti kama hiyo, tuseme, ni Sh12,000 kwa mwezi. Ni nusu hivi. Basi mwezi ambao mvua ya Aprili imenyesha wiki tatu na biashara imeingiza faida ya Sh25,000, aliyekodi anabaki na Sh13,000 na aliyenunua anabaki na Sh1,300. Tena landilodi unaweza kumwendea ukamwomba siku kumi. Sacco ukichelewa, wanaoguswa ni wadhamini wako, na hao ni marafiki na jamaa.

Mpaka hapo kukodi kunaonekana kushinda. Lakini rudi kwenye zile Sh140,000 za saruji na mtaro. Ukifukuzwa baada ya mwaka mmoja, gawanya kwa miezi 12: ni karibu Sh11,700 kwa mwezi. Jumlisha na kodi ya Sh12,000 upate Sh23,700. Ndiyo, ni ile ile ya mkopo! Ulikuwa ukilipa bei ya kununua bila kujua, na umetoka mikono mitupu. Ukikaa miaka mitano, saruji hiyo inakugharimu Sh2,300 hivi kwa mwezi, na gharama yako halisi ni Sh14,300. Kwa hivyo bei ya kukodi haiko kwa kodi peke yake. Iko kwa muda ambao una hakika hutaondolewa.

Na hapo ndipo vijana wengi wanaumia, maana ploti nyingi za biashara zinakodishwa kwa mdomo na M-Pesa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua makubaliano ya mdomo ya muda mfupi, lakini kama unalipa mwezi kwa mwezi bila mkataba, notisi fupi yaweza kutosha kukuondoa. Ukiona landilodi ameanza kuja jioni kuhesabu magari, jua kodi iko karibu kupanda, au kuna mpwa wake anayetafuta kazi ya kufanya.

Dawa ni mkataba wa maandishi, wa miaka mitano kama unaweza. Ukizidi miaka miwili usajiliwe, na ushuru wake wa stempu si wa kutisha: kwa mkataba unaozidi miaka mitatu ni asilimia mbili ya kodi ya mwaka, hapa Sh2,880. Ndani yake andika kodi itapanda kwa kiasi gani na lini, notisi ni ya miezi mingapi, na kwamba kontena, tangi na pampu ni vyako. Kama unaweza kumbembeleza akubali, ongeza kwamba akitaka kuuza ploti akupe wewe nafasi ya kwanza. Kama landilodi anakataa kabisa kuandika, usimwage saruji. Tandaza kokoto, tumia kontena, fanya biashara inayobebeka.

Jambo ambalo karibu hakuna mpangaji hufanya ni kutafuta rekodi ya ardhi kwa msajili. Tunadhani hiyo ni kazi ya mnunuzi. Lakini wewe unayekodi una mengi ya kupoteza pia. Rekodi ikionyesha kwamba hatimiliki imewekwa rehani benki, na benki haijaidhinisha mkataba wako, siku ya mnada mnunuzi mpya hana deni na wewe. Ikionyesha jina la mzee aliyefariki, na anayekukodisha ni mwanawe ambaye hajapata idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi, basi ndugu zake wanaweza kutokea siku yoyote na kusema hawakujui. Na kama kijishamba hicho kiko karibu sana na lami, uliza mpimaji ardhi mipaka iko wapi. Ploti nyingine tamu za kando ya barabara ni hifadhi ya barabara, na anayepokea kodi yako hana chake hapo. Siku alama ya X ikichorwa kwa ukuta, hakuna wa kukulipa fidia.

Bado kuna kitu hesabu haionyeshi vizuri. Ile ploti ya Sh900,000 mara nyingi haiko mahali magari yanapita. Iko kilomita kadhaa ndani, na matatu haifiki. Pembezoni mwa lami, ambako wateja wako, bei ni nyingine kabisa au mwenyewe hauzi. Kwa hivyo mtu huishia kununua mahali anapoweza kumudu, kisha anashangaa wateja wako wapi.

Lakini hilo linageuka kwa biashara isiyosubiri mpita njia. Anayefuga kuku wa mayai, anayetengeneza matofali au anayekuza miche hupelekea wateja mzigo, au wanampigia simu. Pia huzika pesa nyingi ardhini, kwenye banda, kisima na ua. Huyo ploti ya ndani inamfaa kuinunua, mradi ahakikishe, kama ardhi bado ni ya kilimo, ombi la idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi limepelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Likichelewa, makubaliano ya kununua yanakuwa batili, hata kama alishalipa nusu ya pesa na kuweka ua.