Mtihani Ni Siku Mbili, Kwa Nini Mtoto Anapotea Chuoni Miezi Miwili?



Leo tunaandika kutoka Sikonge, na tunaandika kwa ukali kidogo, mtusamehe. Kila ikifika Agosti, madrasa zetu za jioni zinapungua watoto wa darasa la saba. Hawaagi. Mtoto leo yupo, kesho hayupo, na ustadhi akiuliza anajibiwa na wenzake: "Anajiandaa na mtihani." Mama mtu yuko kimya. Baada ya mtihani mtoto anaona haya kurudi, au anaogopa fimbo, na hapo ndipo chuo kinapoishia. Sisi tunashona nguo za maharusi. Wasichana wanaokuja kupimwa wanatuambia wenyewe, tena wakicheka, kwamba Kurani waliiachia darasa la saba. Walikwenda "likizo ya mtihani" na likizo haikuisha.

Wengi wanamlaumu ustadhi kwamba ni mkali, haelewi mambo ya shule. Wapo wakali kweli, hatukatai. Lakini ustadhi ataelewaje jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyemwambia? Mwalimu wa shule akikosa mtoto siku moja tunapeleka karatasi yenye sahihi ya mzazi. Mwalimu wa chuo anakosa mtoto wiki nane na hapati hata mstari. Halafu tunasema tunaheshimu dini.

Na tuseme ukweli kuhusu huo mtihani wenyewe. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni siku mbili tu. Mwaka 2025 ulikuwa Jumatano na Alhamisi, Septemba 10 na 11. Kidato cha nne ni jambo jingine, karatasi zake zinaanza Novemba na kuchukua wiki kadhaa. Lakini darasa la saba ni siku mbili, na mtoto kutolewa chuoni tangu Julai ni mzazi kutopiga hesabu.

Hata hivyo, ustadhi anayesema hakuna ruhusa kabisa naye tunampinga. Huku kwetu jua linazama karibu nusu saa baada ya Unguja kwa saa ile ile ya ukutani. Mwezi wa Septemba Magharibi ya Sikonge ni kama saa moja kasoro dakika kumi. Darasa la kati ya Magharibi na Ishaa linatoka karibu saa mbili usiku. Mtoto wa darasa la saba ametoka shuleni alasiri, pengine na masomo ya ziada juu yake. Akifika nyumbani saa mbili, ale, aoge, ndipo afungue daftari la hisabati? Wiki za mwisho hilo halimfai, wala Kurani anayoisoma huku anasinzia haiingii.

Basi ombeni ruhusa, lakini iombeni kwa hesabu. Tuchukue msichana mmoja, chuo chake kinasoma Jumamosi hadi Jumatano, mapumziko ni Alhamisi na Ijumaa. Amemaliza Juzuu Amma, yuko Juzuu Tabaraka, katika Suratul Qalam. Barua yake ilipaswa kuwa hivi:

Sikonge, 16 Agosti 2025

Kwa Ustadhi, mwalimu wa madrasa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi ni wazazi wa binti yako wa darasa la saba. Mtihani wake wa taifa ni tarehe 10 na 11 Septemba. Tunakuomba ruhusa asihudhurie masomo ya jioni Jumatatu, Jumanne na Jumatano kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 10 Septemba, yaani jioni tisa. Jumamosi na Jumapili zilizo katikati atakuja kama kawaida, ila tunaomba asipewe somo jipya, asikilizwe ya nyuma tu. Amesimama Suratul Qalam, aya ya 33. Nyumbani atadurusu Juzuu Amma ndani ya swala zake. Ada ya miezi yote miwili tunaileta kamili. Atarudi Jumamosi tarehe 13 Septemba, inshaallah. Kama una neno, tuite sisi, usimwulize mtoto.

Wassalaam. Baba na mama yake, na namba ya simu.

Tazameni barua hii imeomba nini: jioni tisa. Imetaja siku ya kurudi, kwa sababu ruhusa isiyo na siku ya kurudi ni kuaga. Imetaja aya aliyosimama, ili akirudi pasiwe na ubishi, na ustadhi ajue kwamba nyumbani kuna mtu anafuatilia. Na ada haikukatwa. Mwalimu wa chuo hana mshahara wa serikali, na watoto kumi wa darasa la saba wakiondoka na ada zao, ni jiko la nyumba yake limepungua. Ukimkatia ada halafu ukataka akupokee mtoto kwa tabasamu, umemtaka mengi.

Kuna wanaotuma ujumbe wa sauti kwenye simu. Si vibaya kwa kukumbusha, lakini karatasi inakaa ndani ya daftari la mahudhurio, na ikitokea ustadhi msaidizi ndiye anayeshika fimbo siku ile, anaiona. Mtoto hapaswi kuwa wakili wa nafsi yake mbele ya mwalimu.

Sasa hilo la kudurusu ndani ya swala, msilipite. Juzuu Amma ina sura 37. Swala tano za faradhi zina rakaa kumi ambazo baada ya Alhamdu tunasoma sura, mbili katika kila swala. Akisoma sura tofauti kila rakaa, ndani ya siku nne amezunguka juzuu nzima bila kuiba hata dakika ya hisabati. Zile ndefu, kama Annabai na Annaziati, aziweke kwenye sunna, au Alfajiri anaposwali nyumbani. Akiwa nyuma ya imamu anayesoma kwa sauti, kazi yake ni kusikiliza, kwa hiyo sura za swala ile nazo zihamie kwenye sunna. Msichana aliyebaleghe ana siku zake ambazo haswali, na mpango huu unasimama. Siku hizo awekewe msomaji kwenye simu wakati wa kuosha vyombo, asikilize. Hilo halihitaji kuandikwa kwenye barua.

Utajuaje kama mpango unafanyika? Usimwulize "umedurusu?" Mwambie aanze Suratul Abasa katikati, kutoka aya unayomtajia. Aliyelegea anaweza kuanza mwanzo wa sura kwa mazoea, lakini katikati atakwama au atarukia sura nyingine inayofanana.

Mwalimu akikataa barua, baba aende baada ya swala ya Ijumaa wazungumze wawili, au mjomba, au mzee wa msikiti anayesikilizwa. Mama pia anaweza kwenda kwa mke wa ustadhi, huku kwetu njia hiyo inafungua milango mingi. Ombi la jioni tisa likikataliwa, ombeni sita, muwaache jioni za wiki ya kwanza.

Na Jumamosi ile ya kurudi mpelekeni wenyewe hadi mlangoni, na nakala ya barua mkononi. Asianze aya ya 34 siku hiyo. Asikilizwe kwanza tangu mwanzo wa sura, na kama kumi za mwisho zimelegea, arudishwe nyuma kumi. Hapo msimtetee.