Afya ya Watoto: Surua na Hesabu ya Siku

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako nyumba za wafanyakazi hupangwa mlango kwa mlango, mtoto mmoja mwenye surua aweza kuwaambukiza watoto wa safu nzima kabla jirani hajaona kipele hata kimoja. Sababu ni kwamba surua huanza kwa sura ya mafua, na baridi ya huko imewazoesha wazazi kuyadharau mafua.

Tuseme mtoto wa miaka 2, ambaye hakuchanjwa, ashikwa na homa siku ya Jumatatu. Kisha hukohoa, kamasi humtoka, na macho huwa mekundu, nayo huchukia mwanga. Siku ya Jumatano mama akimfunua kinywa aweza kuona vidoa vidogo vyeupe, kama chembe za chumvi, ndani ya mashavu. Alhamisi homa huzidi, na vipele hutokea nyuma ya masikio na penye mpaka wa nywele, vikashuka usoni, kifuani, hata miguuni. Juu ya ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani upesi. Yafaa kupapasa, kwani ngozi hukwaruza mkononi.

Sasa na ahesabiwe siku. Mtoto huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake. Basi huyu alianza Jumapili, alipokuwa kanisani, mzima machoni pa watu wote! Naye atazidi kuambukiza hadi Jumatatu ya pili. Siku hizo zote akae nyumbani, mbali na watoto wasiochanjwa, asipelekwe chekechea wala kubebwa mgongoni hadi kituo cha kuuzia majani chai.

Hata hivyo zahanati ni lazima. Lakini mzazi atangulize habari, ili mtoto asiketi katika foleni pamoja na watoto wachanga, kwa maana vijidudu vya surua hukaa hewani chumbani muda wa saa 2 hata baada ya mgonjwa kuondoka. Dawa ya kuviua haipo. Mganga humpa vitamini A siku hiyo na siku ya pili yake, kwa ajili ya kuyalinda macho na kupunguza hatari ya kifo. Anyweshwe maji na maziwa mara kwa mara. Akipumua mbio, akiharisha sana, akishikwa na degedege, au kioo cha jicho kikifanya ukungu, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe Longisa, Tenwek au Kericho.

Majirani nao wazitazame kadi za watoto wao. Katika Kenya chanjo hutolewa katika miezi 9 na miezi 18. Mtoto aliyekosa, akichanjwa kabla ya siku 3 kupita tangu akutane na mgonjwa, aweza kuepuka ugonjwa. Kwa yule aliyeketi karibu naye Jumapili, siku ya vipele muda huo umekwisha pita. Lakini aliyecheza naye mara ya kwanza Jumatano bado anayo nafasi hadi Jumamosi.