Futeni hiyo safu ya Ndiyo/La

Haya, nimerudi. Mlioniandikia kuuliza kama nimehama mji, sijahama. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe imeniudhi kiasi kwamba leo hakuna habari za seva wala za simu mpya. Leo ni ugomvi.

Shirika fulani (jina halina haja) liliniomba nilitengenezee tovuti ya kuwasaidia wauguzi na maafisa wa kliniki kusoma tafiti za tiba mpya bila kupoteza muda. Kila utafiti ungekuwa mstari mmoja katika jedwali: tiba, ugonjwa, idadi ya wagonjwa, na mwishoni safu inayoitwa "Imethibitika?" Jibu ni Ndiyo au La, basi. Nikauliza zile nambari mbili zinazofuata maneno `95% CI` katika kila utafiti tutaziweka wapi. Nikajibiwa kwamba hizo zinawachanganya wahudumu, niziache.

Mimi si daktari. Lakini miaka yote hii nimeandika programu zinazohesabu vitu, na nawaambia kwamba hizo nambari mbili ndizo jibu la utafiti. Hiyo Ndiyo/La ni ganda tu, na si mara zote ganda linafanana na tunda.

Wacha niwape mfano wa hapa kwetu, usioniweka mbali na ukweli.

Mtoto analetwa wodini na malaria kali. Mikono na miguu ni baridi, damu haizunguki vizuri, na damu yenyewe imejaa asidi. Swali la madaktari wa Kilifi lilikuwa: tukimwongezea maji mshipani kwa haraka, tutumie maji gani? Ya chumvi ya kawaida, ambayo ni rahisi kupata, au albumini, ile protini inayotolewa kwenye damu ya binadamu, ambayo ni ghali mno? Mwaka 2005 walichapisha utafiti mdogo. Katika kundi la albumini walikufa watoto 2 kati ya 56. Katika kundi la maji ya chumvi walikufa 11 kati ya 61.

Ukigawanya, hatari ya kufa kwa albumini ni 0.20 ya hatari ya maji ya chumvi. Yaani vifo vimepungua kwa asilimia 80. Nani hatashangilia? Kwenye jedwali langu mstari huu ungepata Ndiyo yenye rangi ya kijani. Waandishi wenyewe walikuwa waangalifu, wakauita ushahidi wa awali. Lakini safu yangu haina mahali pa neno "awali".

Sasa tupige hesabu. Mwenye Python ajaribu mwenyewe:

```python
from math import exp, sqrt

def rr(a, n1, b, n2):
    r = (a/n1) / (b/n2)
    se = sqrt(1/a - 1/n1 + 1/b - 1/n2)
    return r, r*exp(-1.96*se), r*exp(1.96*se)

print(rr(2, 56, 11, 61))
```

Utapata 0.20, kisha ncha mbili: 0.05 na 0.85. (Vifo vikiwa viwili tu, fomula hii ni ya kukadiria, na njia nyingine zitakupa ncha tofauti kidogo. Picha ni ileile.) Hizo ncha mbili ndizo `95% CI`. Nitaziita masafa ya uhakika, ingawa jina lenyewe linadanganya kidogo, maana kinachopimwa ni kiasi cha mashaka yetu.

Masafa yanasema nini? Mfikirie mvuvi mwenye wavu ambao ukirushwa mara 100 humnasa samaki karibu mara 95. Samaki ni ukweli, na ametulia palepale. Kinachohama ni wavu, kwa sababu kila utafiti ungepata watoto wengine. Wavu wa leo ukishatua huwezi kujua kama ni mmoja wa ile 95 au wa ile 5 iliyokosa. Kwa hiyo usiseme "kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba ukweli umo humu". Sema hivi: takwimu hizi zinapatana vizuri na ukweli wowote ulio kati ya ncha hizi mbili, na haziwezi kutuambia ni upi.

Rudi sasa kwenye 0.05 na 0.85. Ncha ya chini inasema albumini inazuia vifo 95 kati ya kila 100 ambavyo vingetokea kwa maji ya chumvi. Ncha ya juu inasema inazuia 15 tu. Huo ni wavu mkubwa kama uwanja wa mpira! Ile asilimia 80 iliyopendeza kwenye ukurasa ni nukta moja ndani ya uwanja huo.

Halafu fanya jambo moja dogo. Badilisha 2 iwe 3. Mtoto mmoja tu wa kundi la albumini, ambaye angeweza kufa usiku ule na hakufa. Andika `rr(3, 56, 11, 61)`. Masafa yanakuwa 0.09 hadi 1.01. Katika uwiano wa namna hii, 1 maana yake hakuna tofauti kati ya tiba mbili. Masafa yamevuka 1 kwa unywele, na safu yangu tukufu imegeuka kutoka Ndiyo kuwa La.

Mnaona ninacholalamikia? Mtoto mmoja kati ya 117 amegeuza jibu zima juu chini, ilhali masafa yenyewe yamesogea kidogo tu. Msomaji wa masafa angesema mambo yaleyale katika hali zote mbili: kuna dalili njema, lakini watoto ni wachache mno. Msomaji wa safu angeagiza albumini Jumatatu na kuifuta Jumanne.

Kilichofuata mnaweza kukisoma popote. Utafiti mkubwa ulifanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ukaitwa FEAST, ukachapishwa mwaka 2011. Kundi lake kuu lilikuwa na watoto 3141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wengi wao wakiwa na malaria. Wengine walipewa albumini kwa haraka, wengine maji ya chumvi kwa haraka, na kundi la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa, ila matibabu mengine ya kawaida. Baada ya saa 48 walikuwa wamekufa 111 kati ya 1050 wa albumini, 110 kati ya 1047 wa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1044 wa kundi la tatu.

Albumini dhidi ya maji ya chumvi: 1.01, masafa 0.78 hadi 1.29. Ile asilimia 80 imeyeyuka. Wagonjwa wa tafiti hizi mbili hawakuwa sawa kabisa, lakini angalia jambo hili: masafa ya 2005 yalifika hadi 0.85, na haya ya 2011 yanaanzia 0.78. Yanagusana. Nukta zilipingana, 0.20 na 1.01, kama watu wawili waliokuwa nchi tofauti. Anayekariri nukta aliamini jambo moja mwaka 2005 na kinyume chake mwaka 2011. Aliyesoma ncha alikuwa ameonywa tangu mwanzo.

Na wale wa "La" nao wasicheke. Watasema FEAST ilionyesha albumini na maji ya chumvi ni sawa. Haikuonyesha hivyo. Kwa hesabu ya watoto, masafa yale yanaruhusu albumini iokoe karibu watoto 3 kati ya kila 100, au iwaue karibu 3 zaidi. Kukosa kuona tofauti si sawa na kuona kwamba haipo.

Sasa linganisha kundi lililopewa maji ya haraka, ya aina yoyote, na lile ambalo halikupewa: 1.45, masafa 1.13 hadi 1.86. Kwa watoto 100, hivyo ni vifo vya ziada kati ya 1 na 5. Hapa ndipo msomaji wa wodini anapaswa kukaa. Jiulize: kama ukweli uko kwenye ncha ya chini, ningefanya nini? Kifo kimoja cha ziada kwa kila mia, nisingeyapa maji haya. Na kama uko kwenye ncha ya juu? Nisingeyapa. Ncha zote mbili zinanituma njia moja, kwa hiyo naweza kuamua. Kwa albumini dhidi ya chumvi, ncha moja ilisema nunua na nyingine ilisema tupa, kwa hiyo swali lile halikujibiwa. Huo ndio usomaji wote.

Rafiki yangu mmoja, afisa wa kliniki, alinipinga. "Kaka, usiku niko peke yangu na wodi nzima. Nitaanza kusoma ncha saa ngapi?" Dada, ncha ni mbili. Sekunde kumi. Ndiyo/La nayo inachukua sekunde mbili, na zile nane ulizookoa ndizo zinazokupoteza.

Ila alinishika pahali pamoja, nami nakiri. Akaniuliza: "Na mtoto wangu wa kuhara, aliyekauka maji?" Hapo masafa yako kimya. FEAST haikuwachukua watoto wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali. Masafa yanapima bahati ya sampuli tu. Hayajui kama mgonjwa wako anafanana na waliopimwa, wala kama utafiti ulifanywa kwa upendeleo. Anayemnyima maji mtoto wa kuhara kwa sababu ya 1.13 hadi 1.86 amesoma nambari na kuruka ukurasa wa nani alipimwa.

Basi jana nimewaandikia wale wa shirika. Safu ya "Imethibitika?" itoke. Ziingie tatu: ncha ya chini, ncha ya juu, na waliopimwa ni nani na nani waliachwa nje. Nafasi kwenye skrini ipo, nimeipima. Wakikataa, watafute fundi mwingine, nami nitawarudishia malipo ya awali.

Hadi sasa hawajajibu.